Duka Moja, Mikataba Mitatu

"Wakili, shikamoo. Mwenye nyumba ameniletea barua kwamba kuanzia mwezi ujao kodi ya duka inapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 55,000. Tuna mkataba. Je, ana haki?"

Wakili yeyote wa Kenya anayeshughulika na majengo ya biashara ameshapokea ujumbe wa namna hii. Huja kwa simu usiku, huulizwa kwenye vipindi vya redio, na wakati mwingine mtu huvutwa kando harusini aulizwe. Ndani yake mna kodi ya zamani, kodi mpya na tarehe. Kinachokosekana ni mkataba wenyewe. Anayeuliza ameandika "tuna mkataba" akaona ameshaeleza yote, na anayejibu, ambaye ameona mikataba mingi ya pango katika maisha yake, hujaza nafasi hiyo kwa mkataba anaoukumbuka. Jibu hutoka haraka na kwa sauti ya uhakika. Linahusu mkataba wa mtu mwingine.

Katika mambo mengi ya mikataba kosa la namna hiyo hugharimu kidogo, kwa sababu kinachobadilika ni kiwango tu: siku kadhaa za notisi, asilimia fulani ya adhabu. Pango la duka nchini Kenya ni tofauti. Hapo sentensi moja katikati ya mkataba inaweza kubadili sheria inayotumika, mahali pa kupeleka malalamiko, na muda wa kuyapeleka. Ndiyo maana mfano huu unafaa kutazamwa kwa karibu.

Sheria yenyewe ilitungwa mwaka 1965 na inajulikana zaidi kwa namba yake, Sura ya 301. Inahusu wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula. Neno "duka" humo lina upana: linaingiza pia jengo ambalo mtu hutoa huduma kwa malipo, kwa hiyo kinyozi na fundi cherehani wamo. Bunge lilitaka kumlinda mfanyabiashara mdogo aliyejenga wateja mahali pamoja, asije akafukuzwa au kupandishiwa kodi kwa barua ya ghafla. Wapangaji wanaolindwa hivyo huitwa wapangaji walio chini ya upangaji unaodhibitiwa. Kwao, mwenye nyumba anayetaka kupandisha kodi au kuwatoa lazima atoe notisi kwa fomu maalumu, Fomu A, aandike sababu zake, na notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu mpangaji aipokee. Mpangaji asiyekubali hulipeleka suala mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara.

Sasa, ni upangaji upi unaodhibitiwa? Sheria inataja njia kadhaa za kuingia, na tatu ndizo za kutazama hapa. Ya kwanza ni upangaji usioandikwa kabisa. Ya pili ni ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Ya tatu ndiyo inayowakwaza wengi: ni mkataba wa maandishi, hata uwe wa muda mrefu kiasi gani, ulio na kipengele kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 ya kwanza kwa sababu isiyokuwa mpangaji kukiuka masharti.

Wenye majengo wanaifahamu hesabu hiyo. Ndiyo maana mikataba mingi ya maduka ya Nairobi, Nakuru au Mombasa ina muda unaoonekana wa ajabu kwa mgeni: miaka 5 na miezi 3. Miezi hiyo mitatu imewekwa makusudi ili mkataba uvuke mpaka wa Sura ya 301.

Tumchukue basi yule mwenye duka aliyeandika ujumbe, tumpe tarehe na karatasi. Ni mfano wa kutungwa, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Barua ya mwenye nyumba ameipokea tarehe 10 Juni 2024. Ni barua ya kawaida, yenye mistari minne na sahihi, inayosema kodi mpya inaanza Julai. Ujumbe wake kwa wakili ni ule ule, neno kwa neno. Kinachobadilika ni mkataba ulioko kwenye droo yake.

Huenda mkataba huo uliandikwa Machi 2021 kwa miaka 2. Uliisha Februari 2023, hakuna aliyekumbuka kuandika mwingine, naye ameendelea kulipa 40,000 kila mwezi na kupokelewa. Kwake yeye bado "tuna mkataba", na hasemi uongo, karatasi ipo. Huyu analindwa na Sura ya 301. Barua aliyopewa haina nguvu: si Fomu A, haina sababu, haikumtaka ajibu, na haikumpa hata mwezi mmoja kamili.

Au huenda mkataba ulianza tarehe 1 Machi 2023, wa miaka 5 na miezi 3, unaoisha 31 Mei 2028. Haumruhusu yeyote kuuvunja isipokuwa mpangaji akikosa kulipa au akikiuka masharti. Umesema pia kwamba kodi itapanda kwa asilimia 10 kila baada ya miaka 2. Sura ya 301 haimhusu huyu hata kidogo. Hata hivyo hajaachwa mikono mitupu, kwa sababu mkataba wenyewe ndio ngao yake: kodi ni 40,000 hadi mwisho wa Februari 2025, kisha 44,000, na kuanzia Machi 2027 ni 48,400. Hakuna mahali popote panapofika 55,000. Akikubali kuilipa kodi ya barua kuanzia Julai 2024 hadi Februari 2025, atakuwa ametoa shilingi 120,000 ambazo hakudaiwa.

Mkataba wa tatu unafanana na wa pili karibu katika kila kitu. Tarehe ni zile zile, muda ni ule ule wa miaka 5 na miezi 3, na kuhusu kupanda kwa kodi haukusema neno. Lakini kwenye ukurasa wa saba, chini ya kipengele cha bima na juu ya kile cha anwani za mawasiliano, kuna sentensi hii: upande wowote unaweza kuuvunja mkataba huu wakati wowote kwa kutoa notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Sentensi hiyo, ambayo pengine mwenye nyumba aliiweka ili awe huru, imeurudisha upangaji mzima ndani ya Sura ya 301. Miezi mitatu ya ziada iliyoongezwa juu ya ile miaka 5 haimsaidii tena. Kupandisha kodi kunahitaji Fomu A. Na akitaka kumtoa mpangaji, hata ile miezi miwili ya sheria haitoshi, kwani sheria inasema mkataba ukiweka muda mrefu zaidi wa notisi, muda huo ndio unaofuatwa.

Mpangaji wa mkataba wa pili na yule wa tatu wangeweza kukaa meza moja wakisimuliana habari zao na wasione tofauti yoyote. Wote wangesema wana mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, wameshakaa mwaka na ushei, na mwenye nyumba ameleta barua.

Tuseme anayejibu ana mazoea ya kuwatetea wapangaji wadogo. Jibu lake la kawaida ni: "Barua hiyo ni batili, usiijali, nenda kwenye Jopo." Kwa mkataba wa kwanza na wa tatu, ushauri wa kwenda Jopo ni sawa. Kwa wa pili ni njia isiyofika. Jopo lina mamlaka juu ya upangaji unaodhibitiwa tu. Mpangaji atalipa ada, atapata tarehe, pengine atapata hata amri ya muda, kisha wakili wa mwenye nyumba atasimama na pingamizi la awali kwamba Jopo halina mamlaka. Mahakama za Kenya hazina mzaha na hoja hiyo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1989 katika kesi ya meli ya Lillian S, ulioandikwa na Jaji Nyarangi, kanuni ni kwamba chombo kisicho na mamlaka husimamisha kazi papo hapo, bila kujali nani ana haki katika kiini cha mgogoro. Mpangaji wa mkataba wa pili alikuwa na haki. Alikuwa na ratiba ya kodi yenye tarehe na asilimia. Lakini miezi imepita mlango usio wake, na anapaswa kuanza upya mahakamani, au mbele ya msuluhishi ikiwa mkataba wake unasema migogoro iende huko. Hilo nalo hujulikana kwa kusoma tu.

Tuseme badala yake anayejibu amezoea kuwaandalia wenye majengo mikataba. Akisikia "miaka mitano na miezi mitatu" husema: "Huo haulindwi. Zungumza naye au uhame." Kwa mpangaji wa mkataba wa tatu, jibu hilo linamnyang'anya ulinzi aliopewa na Bunge. Anaweza kuhama duka alilolijengea wateja kwa kuogopa barua ambayo kisheria haikuwa kitu.

Majibu hayo mawili yametolewa na watu wanaoijua sheria. Hakuna aliyekosea kifungu. Kila mmoja amesema jambo la kweli kuhusu mkataba ambao haukuwa mbele yake.

Kuna neno moja katika majibu ya haraka linaloleta hasara kuliko mengine, nalo ni "usijali". Barua ya mistari minne inaweza kuwa batili leo, na mwezi ujao mwenye nyumba akapata wakili, akaleta Fomu A iliyojazwa sawasawa. Mpangaji aliyeambiwa asijali huiweka ya pili juu ya ya kwanza. Hapo sheria inamgeuka. Fomu A humtaka ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja tangu kuipokea kama anakubali au hakubali, na kama anapinga, alifikishe suala mbele ya Jopo kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye notisi. Akinyamaza, kodi mpya huanza tarehe hiyo, au upangaji hukoma. Ulinzi wote wa Sura ya 301 unamhitaji mpangaji afanye jambo kwa wakati.

Wengine huelewa "barua ni batili" kuwa ni ruhusa ya kutolipa chochote hadi mambo yaishe. Hilo ni kosa baya zaidi. Kodi ya zamani, zile 40,000, haina mgogoro na inadaiwa kila mwezi chini ya mikataba yote mitatu. Kwa anayelindwa, malimbikizo ya miezi miwili ni mojawapo ya sababu ambazo sheria yenyewe inamruhusu mwenye nyumba kuzitumia kumtoa. Kwa asiyelindwa, mkataba karibu kila mara humruhusu mwenye nyumba kuurudisha mlango wake kodi isipolipwa. Na kwa wote wawili ipo sheria nyingine, Sura ya 293, inayomwezesha mwenye nyumba kutuma dalali kukamata bidhaa kwa ajili ya kodi iliyolimbikizwa. Anayejibu bila kuona mkataba bado anaweza kusema hili kwa uhakika: lipa kodi ya zamani kwa tarehe yake, na utunze risiti au ujumbe wa malipo.

Wapo watakaouliza kwa nini mpangaji asieleze tu kilichomo. Aulizwe: je, mkataba wako una kipengele cha kuuvunja kabla ya muda? Ajibu ndiyo au hapana, shauri liishe.

Tatizo ni kwamba karibu kila mpangaji atajibu ndiyo, na karibu kila mmoja atakuwa anasema kweli. Ni nadra kupata mkataba wa pango usiokuwa na kipengele kinachomruhusu mwenye nyumba kuurudisha mlango wake mpangaji asipolipa. Kwa macho ya mwenye duka hicho ni kipengele cha kuvunja mkataba, tena ndicho kinachomtisha kuliko vyote. Kisheria hakihesabiki, kwa kuwa kinategemea kosa la mpangaji, na Sura ya 301 imekitenga waziwazi. Kinachohesabika ni kile kinachomruhusu mtu kuondoka au kumtoa mwenzake bila kosa lolote. Halafu kuna suala la wakati: kipengele kinachofunguka baada ya mwaka wa tano kupita hakiingizi upangaji katika sheria, kwani lazima kiwe kinaweza kutumika ndani ya miaka 5 ya kwanza. Tena mikataba hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mpangaji hueleza kwa Kiswahili kile alichokielewa, na maneno yanayoamua kila kitu, "isipokuwa kwa ukiukaji", ndiyo ya kwanza kudondoka njiani. Muhtasari wa mtu mwaminifu unaweza kumpotosha wakili kuliko ukimya.

Lipo pia swali la nani yuko upande wa pili wa karatasi. Serikali au mamlaka ya mtaa ikiwa ndiyo mwenye nyumba, au hata ikiwa ndiyo mpangaji, Sura ya 301 haitumiki. Mwenye kibanda kwenye soko la kaunti na mwenye duka kwenye jengo la mtu binafsi lililo ng'ambo ya barabara wanaweza kulipa kodi sawa na kuuza bidhaa sawa huku wakiwa chini ya sheria tofauti. Mpangaji ambaye kodi yake hupokelewa na wakala huenda hajui kabisa jina lililoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Amezoea kumwita yule wakala "mwenye nyumba", na ndivyo atakavyomwandikia wakili.

Na kwa kuwa Kiswahili huvuka mipaka kwa urahisi, swali la mpangaji wa Arusha au Kampala huweza kumfikia mtu wa Nairobi, akalijibu kwa Fomu A na Jopo. Sura ya 301 inaishia mpakani mwa Kenya.

Je, wakili akatae kabisa kujibu mpaka aone karatasi? Huo nao ungekuwa ukatili kwa mtu aliyebakiwa na siku ishirini. Yapo majibu ya haki yanayoweza kutolewa bila mkataba, na yana alama moja inayoyatambulisha: yana neno "kama", na kila "kama" inaelekeza mahali pa kutazama. Kwa mfano: "Kama mwenye nyumba si serikali wala mamlaka ya mtaa, na kama hamna maandishi au muda ulioandikwa ni miaka mitano au chini, unalindwa na barua hiyo haitoshi. Kama muda ni zaidi, tafuta kipengele kinachoruhusu kuondoka kwa notisi bila mtu kukosea, unipigie picha ukurasa huo. Kama kipengele hicho hakipo, tazama palipoandikwa kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, kwa sababu hapo ndipo penye jibu lako. Hadi hapo lipa kodi ya zamani, na usitie sahihi karatasi yoyote mpya." Jibu hilo ni refu kuliko "usijali" na halimpi muulizaji faraja ya papo kwa papo. Lakini hakuna hata neno moja ndani yake litakalogeuka kuwa si kweli droo ikifunguliwa.

Anayepokea ushauri anaweza kuupima kwa namna hiyo hiyo. Jibu linalotaja miezi miwili, au Jopo, au asilimia, bila kuuliza muda wa mkataba wala jina la mwenye nyumba, limejengwa juu ya kitu ambacho muulizaji hakukisema. Anayo haki ya kuuliza: wakili, umechukulia kwamba mkataba wangu unasema nini? Wakili makini hatachukia swali hilo. Atajibu, na mara nyingi ndani ya jibu hilo mpangaji atagundua kwamba mkataba wake ni tofauti.

Kuhusu kutuma mkataba wenyewe, kazi si kubwa. Kurasa zote zipigwe picha kwa mfuatano, pamoja na ile inayoonekana haina maana yenye majedwali na ile ya sahihi, kwa sababu tarehe ya kuanza na ratiba ya kodi mara nyingi huwekwa mwishoni. Barua zozote zilizoandikwa baadaye kubadili kodi au kuongeza muda ni sehemu ya mkataba, hata kama ni mistari miwili tu. Barua mpya ya mwenye nyumba itumwe ikiwa na tarehe iliyopokelewa imeandikwa juu yake kwa kalamu, kwa kuwa miezi miwili na mwezi mmoja vyote huhesabiwa tangu siku ya kupokea, wala si siku iliyochapwa kwenye barua. Namba za kitambulisho, za ushuru na za akaunti ya benki zinaweza kufunikwa. Majina ya pande mbili, tarehe na vipengele visifunikwe hata kimoja.

Asiye na nakala amwombe mwenye nyumba au wakala wake kwa maandishi. Kama pango lilisajiliwa, nakala inaweza kutafutwa katika ofisi ya usajili wa ardhi. Na kama hakukuwahi kuwa na maandishi, hilo lisemwe katika sentensi ya kwanza ya swali, kwani wapangaji wengi huona aibu kulisema, wakidhani hawana haki yoyote. Chini ya Sura ya 301, mpangaji wa duka asiye na karatasi kwenye jengo la mtu binafsi ni miongoni mwa wanaolindwa waziwazi kabisa.

Mwenye duka asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupeleka kurasa hizo Kituo cha Sheria, shirika ambalo limekuwa likitoa msaada wa kisheria kwa wananchi wa kipato cha chini nchini Kenya tangu miaka ya 1970. Aende na mkataba mzima na ile barua, na aende kabla mwezi mmoja tangu kuipokea haujakwisha.